Kelele za Nyuma ya Goli

Mechi ilikuwa ugenini, na sisi tulikuwa tumejifungia studio. Redio yetu haikuwa na uwezo wa kumsafirisha mtangazaji, kwa hiyo Kasuku alitangaza akikodolea skrini, nami fundi mitambo nikichanganya sauti yake na kelele za uwanjani zilizoingia kwa laini nyingine. Msikilizaji angeapa kwamba Kasuku yuko pale pale kando ya nyasi. Ndiyo kazi yenyewe.

Penalti zilikuwa zimefikia mkwaju wa mwisho. Tukifunga, tunafuzu. Mpigaji alikuwa mpwa wa Kasuku, mtoto wa dada yake wa tumbo moja.

Kasuku aliijua biashara yetu. Sentensi ya kwanza ya mtangazaji baada ya tukio ndiyo inayokatwa kwenye rekodi, ikarudiwa kila taarifa ya habari, ikageuzwa mlio wa simu. Beki mmoja wa zamani aliitwa "Mlango Wazi" hewani mara moja tu. Hadi leo mkewe anaitwa hivyo sokoni.

"Anaupanga mpira… anarudi nyuma… anakuja…"

Picha ikaganda.

Sauti haikuganda. Ukaja mlipuko wa kelele uliotaka kunipasua masikio. Uwanja ni wa wenyeji, umefurika, na unashangilia: kijana amekosa. Nani angewaza vingine?

"Subiri, picha inarudi!" nilimwambia sikioni.

Mbishi yule hakusubiri. Alitaka kuwahi kabla nchi haijamtafutia mtoto jina.

"Ndugu zangu, tumekosa. Si mguu wa kijana yule, ni mguu wetu sote. Mwenye jiwe asilipeleke kwa mama wa kijana. Alilete kwangu."

Nje ya dirisha, kinyozi alizima mashine, kichwa cha mteja kikabaki nusu. Muuza vocha alijifunika uso. Hakuna aliyetukana. Nilimkasirikia Kasuku, na machozi yakanitoka vilevile.

Picha ikarudi. Mpira umo wavuni, kijana amebebwa juu juu. Nyuma ya goli, jirani kabisa na kipaza sauti cha uwanja, kikundi kidogo cha mashabiki wetu kilikuwa kinapasua koo. Wenyeji, uwanja mzima, walikuwa kimya, wameshika vichwa.

"Goooli! Ni goli, jamani!"

Nje watu walikumbatiana, kisha wakamcheka Kasuku mpaka wakakaa chini.

Nilimpata kijana kwa simu kutoka chumba cha kubadilishia nguo, nikamweka hewani.

"Mjomba! Mama kanirushia ulichosema. Asante kwa kunitetea."

"Wewe ni simba, mwanangu!"

"Haya. Ila mjomba," sauti ikashuka, "yaani hukuwaza hata kidogo kwamba ningefunga?"

Nchi nzima ilikuwa inasikiliza. Kasuku aliniashiria niweke wimbo.