Jannat Atetea Tasnifu Yake

Jannat alikaa mbele ya watahini watatu kutetea tasnifu yake ya uzamili. Bosi wake, mwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, alikwisha mwambia wazi kwamba bila shahada hiyo cheo atapewa mwingine.

Mmoja wao, Dakta Mumo, aliyeamini kwamba shule humtia mtu ujuzi na ujuzi ndio unaokuza uchumi, alivua miwani. "Haya, Bi Jannat, umegundua nini?"

"Nimelinganisha makarani, Daktari. Kila mwaka wa chuo huongeza mshahara kidogo, lakini mwaka wa kupata cheti huurusha ghafla. Ujuzi wote hauwezi kungoja mwaka wa mwisho. Mwajiri analipia ishara kwamba huyu ana akili na ana subira."

"Huenda walioacha masomo njiani walikuwa wazito wa kuelewa tangu mwanzo."

"Ndiyo hoja yangu, Daktari. Chuo kimewachuja tu."

"Na uchumi?"

"Ofisi zilizotaka kidato cha nne sasa zataka shahada kwa kazi ile ile, na makontena hayatoki bandarini mapema zaidi."

Mumo akaegemea kiti. "Basi kama karatasi haimwongezei mtu kitu, yako tubaki nayo?"

"La, Daktari, nipeni. Bosi wangu hatasoma tasnifu."

Watahini wengine wawili walikohoa kuficha kicheko. Mumo hakucheka. "Umefaulu. Lakini sura ya ujuzi uirekebishe, maana ulipokuja hapa hukujua kubishana hivi."

Jannat akashukuru kwa adabu. Kubishana hakukuwamo kwenye tangazo la cheo.