Mkono Juu ya Kitanda

Fundi Pima alipewa jina hilo kwa sababu alikuwa hakati ubao kabla ya kuupima mara tatu, na hata baada ya hapo huuangalia kwa mashaka kana kwamba umemdanganya. Miaka arobaini karakana yake ilitoa milango, makabati, na zaidi ya yote mikono ya kubebea vibaraza: ile inayotoka ukutani juu ya mlango, minene kwenye kitako na myembamba kwenye ncha, ikibeba paa dogo la kuzuia mvua. Hakuna hata mmoja uliowahi kuvunjika. Hilo alilisema mwenyewe, tena bila kuulizwa.

Sasa mkewe alikuwa amevunjika nyonga. Wiki tano hospitali, na Jumamosi alikuwa anarudi nyumbani. Kilichomuuma mama huyu kuliko nyonga yenyewe ni kunyanyuliwa.

"Nitoke kitandani mwenyewe," alimwambia mumewe siku alipokwenda kumtazama. "Nitengenezee kitu cha kushika. Sitaki kubebwa kama gunia. Na kiwe chepesi, nikisukume pembeni kwa mkono mmoja. Usije ukanining'inizia gogo kichwani, nakujua wewe."

Basi Fundi Pima akatengeneza mkono wa mita moja, wenye bawaba upande wa ukutani, na pete ya chuma kwenye ncha ya kufungia mkanda. Kitako kilikuwa na kina cha sentimita nane, kikapungua kwa mstari ulionyooka hadi sentimita moja kwenye ncha. Aliupiga randa hadi ukang'aa. Alhamisi asubuhi binti yao akafika kumsaidia kupanga chumba. Huyo alifundisha ujenzi wa mihimili na mapaa kwenye chuo cha ufundi, na baba yake alimwita Mwalimu, nusu kwa utani, nusu kwa fahari ambayo asingeikubali hata kwa fimbo.

Mwalimu akauangalia mkono ule, akapitisha kidole kutoka kwenye kitako hadi kwenye ncha. Fundi Pima hakupenda kidole kile.

"Sema, mwanangu. Mdomo haulipiwi kodi."

"Baba, huu ni mkono wa kibaraza."

"Ndiyo. Na vibaraza vyangu vyote vimesimama."

"Vimesimama kwa sababu uko sahihi. Lakini paa la kibaraza linalala juu ya mkono wote. Mama atavuta kwenye ncha."

"Mzigo ni mzigo."

Mwalimu hakubishana. Alimjua baba yake: ukimsukuma anakuwa ukuta, ukimwacha anakuja mwenyewe. Akamkumbusha tu kanuni yake, kwamba kitu cha kubeba mtu hujaribiwa kwa uzito wake mara mbili. Mama alikuwa na kilo sitini. Ndoo moja ya mchanga ilikuwa kilo ishirini. Kwa hiyo ndoo sita.

Wakaufunga mkono kwenye nguzo ya karakana, wakatundika gunia kwenye pete. Fundi Pima akamimina ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, akipiga mluzi. Macho yake yalikuwa kwenye kitako, maana akili yake yote ilimwambia kwamba ukivunjika, utavunjikia huko. Alipomimina ya nne, mkono ukapiga kelele, ukakatika karibu kabisa na ncha, hata shubiri moja haikufika kutoka kwenye pete. Gunia likaanguka likapasuka. Kitako kilibaki kizima, hakina hata ufa.

Mluzi ulikufa. Fundi Pima aliona kana kwamba ni kichwa cha mkewe pale chini, kwenye mchanga, akakaa juu ya kigoda.

"Tangu lini mkono ukavunjikia vidoleni?" aliuliza polepole.

Mwalimu akachuchumaa mbele yake. "Fikiri uko katikati ya mkono wa kibaraza, unatazama kwenye ncha. Paa lililo mbele yako ni nusu tu. Na umbali wake kutoka kwako nao ni nusu. Nusu ya nusu?"

"Robo."

"Robo ya kazi inayofanywa na kitako. Na ubao ukipungua kina hadi nusu, nguvu zake za kukataa kupinda zinabaki ngapi?"

Hilo alilijua kwa mikono, hata kama hakuwahi kuliandika. "Robo."

"Kwa hiyo zinalingana. Mstari wako ulionyooka ni sawa kabisa kwa kibaraza. Sasa mtundike mama kwenye ncha. Simama palepale katikati. Mama mzima yuko mbele yako. Umbali tu ndio umepungua nusu."

Fundi Pima akaangalia kipande kilichokatika. "Kazi ni nusu, na mimi nimeacha nguvu za robo na ushee."

"Na kadiri unavyokaribia ncha, ndivyo ulivyozidi kuinyonga. Kitako kilikuwa kinategea, baba. Ncha ndiyo iliyokuwa kibarua."

Alicheka, ingawa macho yalikuwa yamelowa. Kisha akachukua penseli. Kina nane kwenye kitako. Katikati, tano nukta saba. Robo ya njia kutoka kwenye ncha, ambako yeye aliweka chini ya tatu, binti yake alisema nne: robo ya kazi inataka nusu ya kina cha kitako. Akapinda ufito mwembamba upite kwenye alama zote, na mstari ukatoka wenye tumbo, ukishuka taratibu na kuinama kwa haraka mwishoni. Kwa mstari huo, mkazo wa nyuzi za mti ungekuwa uleule kutoka ukutani hadi kwenye pete. Hakuna sehemu ya kutegea, wala ya kuonewa.

Ila ubao mgumu ulikuwa umekwisha, na ubao uliokatwa haurudi.

Fundi Pima alikwenda stoo, akakaa huko muda mrefu. Alirudi na mfumbati, ubao wa ubavuni, wa kitanda chao cha ndoa. Alikitengeneza mwenyewe kabla ya harusi, na wiki ile alikuwa amekifungua kwa sababu daktari alitaka kitanda kilichoinuka, chembamba.

"Baba, una uhakika?"

"Umekauka miaka arobaini, nyuzi zake zimenyooka. Nitafute nini tena?"

Akakata upande wa chini tu. Wa juu hakuugusa, kwani nyuzi za juu ndizo zinazovutwa. Lakini kabla ya kukata aliugeuza mfumbati mara mbili, akausogeza, akaupima, akausogeza tena, hadi Mwalimu akauliza anatafuta nini.

"Mbele ya pete kuna mzigo?"

"Hakuna. Hapo ni pa kuzuia pete isichomoke tu."

"Basi hapo hata panya angeweza kutafuna," alisema, akaendelea na msumeno.

Ndoo sita zilikaa juu ya mkono ule mpya kutwa nzima, na haukulalamika.

Jumamosi mama akalazwa kitandani. Akashika mkanda, akavuta pumzi, akajivuta. Mgongo ukainuka, miguu ikashuka, akakaa. Hakuna aliyemgusa. Fundi Pima alikuwa amesimama mlangoni ameshikilia fremu, kama vile yeye ndiye aliyekuwa akinyanyuliwa.

Mama akainua macho kwenye ncha. Mbele ya pete, kwenye kichwa kidogo cha mti, kulikuwa na vishimo vinne vya meno madogo, alivyoviacha mtoto mmoja wakati anaota meno, akisimama kwa kushika ubavu wa kitanda.

Akavigusa kimoja kimoja. Akamtazama Mwalimu, kisha mumewe.

"Umekata kitanda changu," alisema.

"Nimekipandisha tu juu kidogo," alijibu Fundi Pima.

"Njoo ukae basi," akasema mke, akasukuma mkono pembeni kwa kidole kimoja.