Sahani Sabini na Tano

Simu ya Nkongolo ilikatika mbele ya komite ya harusi iliyokutana sebuleni. Nkongolo, mkulima wa Lubudi na mdogo wake Tharcisse, baba wa bwana harusi, alikuwa ameahidi dola elfu moja kwa ndoa ya Sadrack. Sasa mvua imelaza mahindi yake yote. Atatuma mia moja tu.

Kapinga, mama wa bwana harusi, alimtazama mwanawe. Sadrack alikuwa amesimama mlangoni, kichwa chini.

"Musiogope," akasema taratibu. "Mi nitatafuta."

Akatoka.

Kapinga alijua mtoto wake anatafutia wapi. Katika mvua za mwaka jana, udongo ulimfunika kwenye machimbo ya kobalti nyuma ya mtaa wa Kasulo. Walimtoa na matope mdomoni. Wenzake wawili hawakutoka. Aliapa hatashuka shimoni tena, akaanza kuendesha pikipiki ya abiria.

"Tuangalie upya," akasema Abigaëlle, shangazi wa bibi harusi, ambaye komite ilimkabidhi hesabu. "Wageni mia mbili na hamsini. Sahani moja na kinywaji chake, dola kumi na mbili. Ile ni elfu tatu. Sale, ule ukumbi wa sherehe, ni mia tisa. Michango ya jamaa ilikuwa inatosha palepale, elfu tatu na mia tisa. Tata Nkongolo amepunguza mia tisa."

"Tuhamie sale ya parokia," Kapinga akasema haraka. "Ile ni mia tatu."

"Mama, kwa ile ya kwanza tulishatoa avansi, nusu nzima, na hawarudishi. Imebaki mia nne na hamsini ya kumalizia. Tukihama tutaokoa mia moja na hamsini tu."

"Basi tupunguze bantu kwenye orodha ya wageni."

"Bei ya sale haishuki, hata tukikuwa kumi. Mugeni akitoka, anatoka na sahani yake tu. Kwa kupata mia tisa, batoke sabini na tano." Abigaëlle akafikiri kidogo. "Mama Micheline, mpishi wetu, hapiki chini ya sahani mia moja na hamsini. Tutabaki na mia moja sabini na tano, atakubali. Lakini anataka hesabu ya mwisho kesho."

Tharcisse akapiga meza kwa kiganja.

"Sabini na tano! Nitoe nani? Bale tuliozeeka nao kazini? Batasema nimefilisika. Kijana amesema atatafuta. Mumuache atafute."

Ngurumo ikapita juu ya bati. Kapinga akainuka, akaenda chumbani kwa Sadrack, akainama chini ya kitanda. Aliporudi, alimwendea mumewe moja kwa moja.

"Tata Sadrack, buti za shimoni haziko. Tochi ya kichwa haiko."

Tharcisse akatazama orodha ya wageni.

"Bale bantu unaogopa kutoa," Kapinga akasema, "kwa matanga ya mutoto wako batakuja bote. Batakuja bila mualiko."

Mzee akashika kalamu. Jina la kwanza alilolikata lilikuwa la rafiki yake Mukendi, ambaye waliajiriwa naye siku ileile. Kapinga hakungoja la pili. Alikimbia barabarani akasimamisha pikipiki, huku matone mazito yakianza kudondoka.

Machimboni wengi walikuwa wameshakimbilia chini ya maturubai. Gael, rafiki wa Sadrack, alikuwa amebaki peke yake ukingoni mwa shimo, kamba mikononi.

"Ameshuka, mama. Nilimukataza."

"Muite!"

Gael akavuta kamba mara mbili. Kamba haikujibu. Maji mekundu yalikuwa yanateremka ukingoni, yakiingia shimoni kama yanaenda kwao. Kapinga akapiga magoti kwenye tope akaita jina la mwanawe, na shimo likamrudishia sauti yake mwenyewe. Akaita tena. Kipande cha udongo kikameguka karibu na goti lake, kikaanguka, na hakusikia kikitua.

Kisha kamba ikakaza.

Sadrack alitoka akiwa mwekundu mwili mzima, macho tu ndiyo meupe. Alipomwona mama yake alitahayari.

"Mama, unatafuta nini huku?"

"Tumetoa sahani sabini na tano. Mia tisa imepatikana. Twende."

"Na tata amekubali?"

"Ameanza na bantu bake."

Sadrack akakaa chini palepale kwenye mvua, meno yakigongana. Alisema maji yalikuwa yamemfika magotini, naye alikuwa amejiambia aongeze gunia moja tu.

Ndoa ilifungwa, na wageni walikula wakashiba. Mukendi na wenzake walikaa miezi wakimpita Tharcisse kanisani bila salamu. Aliumia, ila hakulalamika. Kapinga, mpaka leo, mvua ikianza Kolwezi humpigia Sadrack simu. Isipopokelewa mara ya kwanza, hupiga tena na tena mpaka asikie sauti yake.