Miezi Sita ya Majaribio

Alikuwa ameandika ombi lake la pesa hadi "tarehe ishirini na nane ya kila mwezi" pale karani wa chama cha akiba aliponyoosha kidole na kuizuia kalamu yake.

"Mama, ngoja kwanza. Unataka tukutolee laki moja na themanini elfu kila mwezi, miezi kumi na miwili?"

"Ndiyo. Na nyongeza ya laki moja na nusu, mara tatu, muhula wa watoto unapoanza. Na laki mbili mwezi wa kumi, ada ya mtihani wangu."

"Sawa, lakini hazitatosha." Karani alimgeuzia kioo cha kompyuta. "Kuna taarifa ya kutoa milioni moja na nusu. Ililetwa siku tano zilizopita. Keshokutwa siku saba zinatimia, pesa inatoka."

"Nani ameileta?"

Karani alikohoa. "Mzee. Si mliandikisha yeyote kati yenu anaweza kutia sahihi?"

Waliandikisha hivyo kwa wazo lake mwenyewe, mwaka ule alipolazwa, ili mumewe asihangaike. Miaka minne alikuwa akiweka humo, na akiba ilikuwa imefika milioni mbili, laki nane na elfu kumi. Hazikuzidi mahitaji, hazikupungua. Alizihesabu kuanzia mwisho kurudi mwanzo: mwaka mmoja wa chuo cha ufundi dawa, bila mshahara wa kazi ya wiki nzima, na Jumamosi tu za kufanya kazi duka la dawa.

"Naweza kuifuta?"

"Aliyeileta ndiye anayeifuta. Au mtie sahihi nyote wawili." Karani alimsogezea fomu. "Leo tunafunga saa kumi. Kesho tunafungua saa mbili."

Alitia sahihi yake kwenye mstari wa kwanza. Mstari wa pili ulibaki mtupu. Akakunja fomu, akaitia ndani ya daftari, akatoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

Njia nzima alijizuia asimhukumu mtu kabla hajamsikia. Huenda kuna mgonjwa. Huenda ni kosa la maandishi. Lakini miguu ilikuwa inakwenda mbio kuliko mawazo hayo. Kazi yake ya wiki nzima katika duka la dawa ilikuwa inaisha Ijumaa. Duka lilikwisha kumpata mtu wa kushika nafasi yake. Karo ya chuo ilikwisha lipwa, na hairudishwi. Miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ile akiwafundisha vijana sita wenye vyeti dawa ipi inakaa rafu ipi, kisha vijana wale wale wakamwambia, "Mama, hiyo usiiguse, wewe huna ruhusa."

Karakana ya mumewe ilinuka gesi na mpira ulioungua. Mumewe, fundi wa friji, alikuwa amepiga magoti mbele ya kompresa iliyofumuliwa. Pembeni, juu ya friji iliyolazwa, alikaa kaka yake mkubwa, ambaye ukoo mzima ulimwita Mipango kwa sababu hakuna mwezi alikosa mpango mpya.

"Ah, shemeji!" Mipango alisema. "Karibu. Mwanafunzi wetu! Begi la shule umeshanunua?"

"Ahsante, shemeji." Alimgeukia mumewe. "Baba watoto, milioni moja na nusu ni ya nini?"

Fundi aliweka spana chini taratibu. "Nilitaka kukwambia leo jioni."

"Jana jioni hukutaka? Juzi?"

"Shemeji, usimjie juu," Mipango aliingilia. "Ni giaboksi ya lori. Lori limelala wiki tatu. Likiinuka, mimi nainuka. Nitarudisha."

"Mwezi gani?"

"Biashara ikichanganya."

"Nimeuliza mwezi, shemeji. Mwezi una jina."

Mipango alicheka, akamtazama mdogo wake. "Umeona? Mkeo na kidaftari chake. Nyumba inaendeshwa kama benki!"

Mumewe hakucheka. "Sikiliza, mama watoto. Kaka ndiye aliyenilipia ufundi huu. Na sisi tumejaribu. Miezi sita tumeishi bila mshahara wako, na hatukulala njaa hata siku moja. Wewe mwenyewe ulisema ni majaribio. Majaribio yamefaulu. Sasa ile pesa imelala tu, ya nini?"

Hapo alielewa mumewe alikuwa amefikiri nini, na hasira ikampanda. Hakupaza sauti. Aliivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akafungua daftari juu ya magoti.

"Nani alikwambia tumeishi bila mshahara wangu?"

"Si uliuweka wote chamani?"

"Mwezi tunatumia laki sita. Tumepunguza kutoka karibu laki nane, na nyama mnajua wenyewe ilivyokwenda. Wewe unaleta ngapi?"

"Inategemea."

"Mwezi wako mbaya, laki tatu na arobaini. Nimetumia mwezi wako mbaya, siyo ule wa joto, friji zinapoharibika. Nyingine zilitoka wapi?"

Fundi aliokota spana, akairudisha chini.

"Kila tarehe moja ulikuta kopo la jikoni limejaa. Ulidhani linajijaza?" Alimwonyesha safu kwa ukucha. "Elfu themanini, ndizo nitakazopata kwa Jumamosi za mwezi. Laki moja na themanini, ndizo pesa 'zilizolala'. Miezi sita nimezitoa kwenye mshahara wangu nikazitia kwenye kopo, ili tuone kama zitatosha. Kilichobaki ndicho nilichopeleka chamani. Mshahara huo unaisha Ijumaa. Ulichojaribu wewe ni kula."

"Hukuniambia," fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Kila mwisho wa mwezi nilikuita uje tuangalie daftari. Ulisema, 'Mama yupo, nina wasiwasi gani?' Nikaona ni sifa. Ni kosa langu hilo, nilifurahi." Akapindua ukurasa. "Ila hili la kwenda kimyakimya dirishani na sahihi niliyokupa ili unitunze nikiugua, hilo si langu."

Mipango alishuka kwenye friji. "Basi chukueni zile za dharura, zile za kitabu kingine."

"Zile ni za mtoto akivunjika mguu, shemeji. Siyo za lori likivunjika." Alimpa mumewe kalamu. "Toa milioni moja na nusu kwenye akiba, kisha toa za kila mwezi mwenyewe. Mwezi wa kwanza una muhula."

Fundi alipangusa mkono kwenye suruali, akaanza. Aliandika polepole, midomo ikicheza. Milioni moja, laki tatu na elfu kumi. Laki tisa na themanini. Laki nane. Laki sita na ishirini. Laki nne na arobaini. Mwezi wa tano, muhula tena: laki moja na kumi. Mwezi wa sita kalamu ilisimama. Alama ya grisi ilibaki pale.

"Inapungua elfu sabini," alisema.

"Na chuo kinaisha mwezi wa kumi na mbili."

Mipango alitafuta kofia yake, ingawa alikuwa ameivaa.

"Kaka," fundi alisema bila kuinua uso, "giaboksi tutatafuta namna. Nitakuja kuishika mwenyewe, tuifungue, tuone kilichokufa ndani. Labda si yote."

"Mke amekukalia kichwani," Mipango alisema, akaondoka.

Fundi alivuta fomu kutoka kwenye daftari. Alitazama mstari mtupu, kisha mikono yake, nyeusi hadi kwenye viwiko.

"Nikitia sahihi saa hizi nitaichafua."

"Ichafue."

Alitia sahihi. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na robo. Dirisha la chama lilikuwa limekwisha kufungwa.

"Saa mbili tuwe pale," mkewe alisema. "Sote wawili. Na tubadilishe ile habari ya yeyote kati yetu."

Fundi aliitazama kompresa iliyotapakaa sakafuni, skrubu zikiwa kwenye kifuniko cha chupa. "Mwenye friji hii anaifuata saa mbili hiyo hiyo."

"Atangoja."

Akafunika vipande vile kwa gazeti. Mkewe alibaki juu ya ndoo, akajaribu kuifuta grisi kwenye mwezi wa sita kwa ncha ya khanga. Haikutoka yote.