Kijani Chini ya Gome

Mkasi halikuwa jina lake, lakini jina lenyewe nani alilikumbuka? Tangu aajiriwe kwenye kitalu cha miche, hakuna nyumba aliyoingia bila kulitazama ua la nje kwanza na kuuliza lilipogolewa lini. Mjomba wake ndiye aliyembandika jina hilo, likaganda. Hata mama yake mzazi alimwita Mkasi.

Mama alikuwa anakaa kwake tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga. Kule nyumbani kwao alibaki kitinda mimba, kijana mwenye moyo mzuri na kichwa kinachovuja kama pakacha. Mama hakumwachia maagizo mengi. Vyombo vunja, kuku wakipotea wapotee, ila haibiskasi ya mlangoni uimwagilie. Kichaka hicho alikipanda marehemu baba yao mwaka aliomwoa mama, na mama alizoea kunywa chai ya asubuhi akikitazama.

Sasa daktari alikuwa amemruhusu kurudi, na siku ile ile kitinda mimba akatuma picha. Tawi lililokwanguliwa gome kidogo, na chini ya gome kijani kibichi, chenye majimaji. "Mwonyeshe mama," aliandika. "Kiko hai, kinapumua."

Mkasi akampa mama simu. Mama aliitazama picha kwa muda, akasema "Haya," akarudisha simu, akaenda kulala ingawa jua lilikuwa bado kali. Tangu hapo hakutaja tena safari. Mkasi alipomuuliza kama aanze kufunga mizigo, alijibu kwamba nyonga haijatulia. Jana yake nyonga hiyo hiyo ilikuwa imempeleka hadi dukani na kumrudisha.

Siku mbili baadaye, wakati wa chai kitaluni, Mkasi aliifungua tena picha, na safari hii aliikuza. Hapo ndipo chai ilipomgeukia chungu. Macho ya tawi lile, yaani vile vichipukizi vidogo kwenye vifundo, yalikaa mawili mawili, yakitazamana kama mawifi waliogombana. Macho ya haibiskasi hayakai hivyo. Hupanda tawi kwa zamu, moja huku, jingine juu yake kule. Tena kando ya kila jicho palikuwa na kovu bichi la jani lililonyofolewa. Mtu alikuwa amekata tawi la asumini, akalinyonyoa majani kama kuku, akalikwangua, akapiga picha. Na asumini ilikuwa kwenye uzio wa jirani.

Akampigia mdogo wake. "Asumini ya jirani haijambo?"

Kitinda mimba akaanza kuzunguka mbuyu, mara simu ina kamera mbaya, mara jua lilikuwa kali. Mkasi akamwacha azunguke mpaka achoke.

"Dada, nimekiua," alisema mwishowe. "Maji yalikatika, nikasema nitamwagilia kesho, kesho ikawa kesho kutwa. Majani yakaanguka yote. Nimeshaweka jembe hapa. Nang'oa, napanda kingine chenye maua mekundu vile vile. Mama hatajua."

Mkasi alikasirika kiasi cha kutaka kuikata simu. Lakini hasira ilimpoa mapema, maana mdogo wake huyu alimlea yeye mwenyewe mgongoni. "Weka jembe chini," alisema. "Kichaka kisicho na majani si maiti. Kinaweza kuwa maiti, lakini hujakipima. Fanya ninavyokwambia, na uniletee picha za kweli."

Akamweleza. Asitumie taa ya simu, maana inageuza rangi. Asimame kivulini mchana. Kwa kila shina apige kwanza picha ya shina zima toka ardhini, ndipo apige ya karibu, wasije wakachanganya. Atazame gome: lililokufa hupauka kijivu na kunyauka, hupasuka na kubanduka, lililo hai huwa limebana, lina ukahawia kidogo. Abonyeze macho: jicho likipukutika kama makapi, limekufa. Mwisho akwangue, aanzie nchani na kushuka, akitafuta kijani chini ya gome.

Picha za kwanza zilikuja za ajabu. Kijana alikuwa amekwangua kama anamenya muhogo, mpaka kwenye mti mweupe wa ndani.

"Huo mweupe hautuambii kitu," Mkasi alimwambia. "Mti wa ndani mweupe upo kwa mfu na kwa mzima. Nataka ngozi ya juu tu itoke. Tumia ukucha."

Zikaja nyingine. Shina la kwanza, kahawia na kavu nchani, kahawia katikati, kahawia chini. La pili hivyo hivyo. La tatu gome lilibanduka lenyewe. Mkasi alikuwa amesimama kati ya miche, mteja akimngoja na mche wa ndimu mkononi. Alishaanza kupanga maneno ya kumwambia mama, na hakupata hata moja la kuanzia.

"Yamekwisha, dada," kitinda mimba alisema. "Limebaki moja la nyuma, linaegemea ukuta. Nalo juu limekauka."

"Shuka nalo."

"Katikati kahawia."

"Shuka. Mpaka kwenye udongo."

Picha ikachelewa. Ilipofika, ilionyesha gome lenye ukahawia, limebana, na mkwaruzo mdogo wa ukucha ambao ndani yake palikuwa na kijani. Kilikuwa kijani chembamba, lakini chenye unyevu. Juu kidogo ya mkwaruzo lilikaa jicho moja peke yake, nene kama punje ya mchele. Mkasi aliikuza picha mpaka ikavurugika. Kisha akamwomba mteja radhi, akaenda nyuma ya mapipa ya maji, akalia kidogo.

"Funga uzi hapo uwe alama," aliandika baadaye. "Shina hilo likate juu ya jicho, pale kijani kinapoanzia. Mengine yote kata chini. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Na jirani umwombe msamaha."

Jioni alimkuta mama jikoni akichambua mchele. Akamwekea simu mezani. Picha haikuwa na uzuri wowote: visiki vilivyokatwa, uzi mwekundu, na shina moja fupi kama kidole.

"Hiki ndicho kichaka chako, mama. Ile ya juzi..."

"Ile ya juzi ilikuwa asumini," mama alisema, mikono ikiendelea kuchambua. "Nimefagia chini ya uzio ule toka ujana wangu, nisiijue?"

Mkasi akakaa. "Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Niliona watoto wangu wameungana kunidanganya, nikajua kimekufa. Nikajiuliza, naenda kukaa mlangoni nitazame nini." Alifuta mikono kwa kanga, akaikuza picha kwa vidole viwili, kwa shida, mpaka akalipata jicho. Alilitazama muda mrefu.

"Baba yenu alipokileta kilikuwa hivi hivi," mama alisema. "Kijiti. Nilimcheka."

Akarudisha simu, akausogeza ungo kwa binti yake amalizie yeye.

"Nyonga imetulia," alisema. "Mpigie mdogo wako, mwambie kesho kutwa nakuja. Na chai nitajipikia mwenyewe, yeye asiguse birika."