Sufuria Mpya za Mutwalibu

"Sumaku haishiki, shemeji. Unataka nini tena?" Mutwalibu aligeuza moja ya sufuria mbili alizonunua ng'ambo ya mpaka kwa ajili ya harusi.

"Sumaku haijui kila kitu," Zaitun alijibu huku akikata vitunguu. "Kuna stili ya ovyo isiyoshikwa na sumaku, na bado inapata kutu."

"Basi wewe ndiye fundi wa chuma?"

"Mimi ndiye mpishi. Jana niliipaka ndani limau na chumvi, nikaiacha mpaka asubuhi. Tazama."

Mutwalibu akainama. Chini kulikuwa na madoa ya kahawia. Zaitun aliyasugua kwa jivu. Kutu ikatoka, vishimo vikabaki.

Sufuria ya pili ilikuwa motoni tayari. Ziada, mdogo wake Zaitun, alikuwa ameibandika alfajiri bila kuuliza, na mchuzi wa nyanya na ukwaju ulikuwa ukitokota tangu hapo. Wakwe walikuwa wameshatoka kwao Matayos, wako njiani. Zaitun alionja. Mchuzi ulikuwa na ladha ya chuma.

"Ukiumwaga, watakula wali mkavu, waseme tumewadharau," Mutwalibu alinong'ona. "Na mimi nitaitwa mleta takataka."

"Wakiula, watasema nini? Uchachu na chumvi vimekula sufuria yako. Hiyo itachemsha maji ya kunawa tu."

Ziada alitazama chini. Zaitun alishika masikio ya sufuria kwa kitambaa, akaumwaga mchuzi wote shimoni nyuma ya jiko.

"Ziada, kimbia kwa jirani Zilpa, ulete vyungu vyake. Mutwalibu, shemeji yangu, menya nyanya."