Walii Asiyesikika

"Mzee yupo hewani, ila hasemi," nilimsikia Saady akiwaambia watu msikitini Kibondo.

Nilikuwa nasema mpaka koo linaniuma. Saady ni ami yake Tamimu, aliyekuwa amwoe binti yangu Zaitun asubuhi ile. Mimi ndiye walii, mwenye idhini ya kumwozesha, ila mguu ulikuwa kwenye plasta, siwezi safari ya kutoka Kasulu, kwa hiyo nilitakiwa kumwakilisha shehe, yaani kumpa ruhusa aozeshe kwa niaba yangu, kwa simu, mashahidi wakinisikia.

"Si ndiye aliyemkataa kijana mara mbili?" mtu akauliza kule.

"Kimya cha walii si ruhusa," shehe akajibu. "Nangoja mpaka adhuhuri. Baada ya hapo nina maziko Nyabibuye."

Ni kweli nilimkataa, kisha nikaridhia. Ndiyo maana hakuna aliyeshangaa kutonisikia.

Nilichukua sindano nikachokonoa kitundu cha simu. Wapi! Nikajikongoja kwa gongo hadi kwa Kuruthumu, fundi simu tuliyepakana naye maduka.

"Babu weye! Hicho ni kitundu cha kutolea laini," alisema. "Ungechoma maikrofoni, leo ningekuuzia mpya."

"Fungua, mwanangu. Unga wa muhogo ninaouza umeingia."

"Sifungui nisichokipima."

Akawasha kinasa sauti, nikahesabu moja hadi kumi. Sauti ikarudi safi, pamoja na kikohozi changu.

"Ingejaa unga, ungesikika kama umejifunika blanketi. Ingekufa, usingesikika kabisa. Hii nzima."

"Basi mbona hawanisikii?"

"Labda ni programu." Akaizima simu, akaiwasha, akanipigisha kwake. Alinisikia. Nikapiga Kibondo.

"Halo? Halo?" Saady akaguna. "Bado hasemi."

Ilibaki robo saa kufika adhuhuri. Nyuma yake nilisikia viatu. Watu walikuwa wanaondoka. Simu ya Zaitun ilikuwa imezimwa. Kuruthumu akampigia Saady kwa simu yake mwenyewe.

"Halo? Huyu naye bubu!"

"Ugonjwa uko kule, babu," Kuruthumu akasema, huku akiandika ujumbe: Tazama juu ya kioo, kuna alama ya spika za masikioni?

Jibu likaja: Ipo, ila sijachomeka kitu.

"Tundu la spika kwenye simu yake lina uchafu, au limeharibika. Simu inadhani spika zimechomekwa, inapeleka sauti huko. Maikrofoni yake inafanya kazi, ndiyo maana unamsikia." Akaandika tena: Mzee anasema tangu asubuhi. Tumieni simu nyingine.

Dakika saba zikapita. Simu ikaita, namba nisiyoijua; alikuwa shehe.

"Mzee Mudathiri, unanisikia?"

"Nakusikia! Shehe, nimekuwakilisha umwozeshe binti yangu Zaitun kwa Tamimu, kwa mahari tuliyokubaliana."

Punde sauti yangu ikanirudia sikioni: *...binti yangu Zaitun kwa Tamimu...*

"Wameweka sauti ya juu, inaingia kwenye maikrofoni yao," Kuruthumu alinong'ona. "Waambie wapunguze."

"Waache," nikasema, nikifuta jasho. "Nataka nijisikie nimesema."